Presi imeandikwa tani 50, lakini rilifu imefungwa wapi?

Ukipita karakana za Nyakato, Mabatini au Igoma utaona presi nyingi za kusukumia bushi na beringi ambazo hazikutoka kiwandani. Fremu imechomwa hapa hapa Mwanza kwa chaneli nzito, silinda imetoka kwenye ekskaveta chakavu, pampu na mota vimenunuliwa kivyake, na kwenye boriti ya juu kuna maandishi ya rangi nyekundu: TANI 50. Nyingi ni presi nzuri, zimechomwa na watu wanaojua kazi. Kinachonisumbua ni yale maandishi. Mara nyingi aliyeyaandika alitazama unene wa silinda, akailinganisha na presi nyingine aliyowahi kuiona, akakadiria. Halafu siku linaletwa Fuso la kubeba dagaa lenye kingipini iliyogoma, na fundi anaendelea kusukuma akiamini bado ana tani nyingi za akiba, wakati presi ilishafika mwisho wake muda mrefu.

Tani za presi haziamuliwi na ukubwa wa mota, wala uzito wa fremu, wala unene wa silinda kwa nje. Zinaamuliwa na vitu viwili tu: eneo la pistoni ambalo oili inasukuma, na presha ambayo vali ya rilifu, ile inayoirudisha oili kwenye tangi presha ikifika kikomo, inairuhusu oili ifikie. Ukivijua hivyo viwili, hesabu ni ya mstari mmoja:

```
T = 0.7854 x D x D x P / 981
```

T ni tani, D ni kipenyo cha ndani cha silinda kwa sentimita, na P ni presha kwa bar. Ile 981 ipo kwa sababu bar moja ikikandamiza sentimita moja ya mraba inatoa nguvu ya nyutoni 10, na tani moja ina uzito wa nyutoni 9,810. Geji yako ikiwa imeandikwa psi, gawanya kwa 14.5 upate bar. Psi 3,000 ni kama bar 207. Ikiwa imeandikwa MPa, zidisha kwa 10. Tazama uso wa geji vizuri kabla ya kuanza, maana geji za mtumba huja za kila aina, na nyingine zina duara mbili za namba, moja ndani ya nyingine.

Tuchukue presi moja ya kawaida tuifanyie kazi mpaka mwisho. Silinda yake kwa nje ni milimita 150, kuta zake ni nene milimita 12.5, kwa hiyo kipenyo cha ndani ni milimita 125, yaani sentimita 12.5. Shafti ni milimita 70. Pampu ni ya gia, inatoa lita 10 kwa dakika, na rilifu imefungwa bar 210. Sentimita 12.5 mara 12.5 ni 156.25, mara 0.7854 tunapata eneo la sentimita za mraba 122.7. Zidisha kwa 210, gawanya kwa 981, jibu ni tani 26.3. Hiyo ndiyo presi iliyoandikwa tani 50.

Angalia jinsi kosa dogo la kupima linavyozaa kosa kubwa la tani. Mtu akipima silinda hiyo kwa nje, milimita 150, atapata tani 37.8, kwa sababu kipenyo kinajizidisha chenyewe: tofauti ya asilimia 20 kwenye kipenyo inageuka asilimia 44 kwenye tani. Na akipima shafti, milimita 70, atapata tani 8 na kidogo. Wote wawili wamekosea. Oili inayosukuma kwenda chini inakaa juu ya pistoni nzima, na shafti haina hesabu yoyote upande huo. Shafti inaingia kwenye hesabu wakati wa kurudi tu, kwa kuwa pale inachukua nafasi ya oili: unatoa eneo lake, sentimita za mraba 38.5, inabaki 84.2, na nguvu ya kuvuta inakuwa tani 18 kwa presha ile ile.

Kanuni inayofaa kushikwa ni hii: eneo linahesabiwa pale sili inapokaa. Kwenye silinda ya ekskaveta sili iko juu ya pistoni, kwa hiyo unapima kipenyo cha ndani cha bomba. Kwenye jeki ya chupa nyingi sili ya pistoni inasugua ukuta wa ndani, kwa hiyo ni vile vile. Lakini silinda ya tipa, ile ya kufunuka hatua kwa hatua, sili zake zimekaa kwenye midomo ya mabomba, kwa hiyo eneo ni la kipenyo cha nje cha bomba linalotoka, na linapungua kila hatua mpya inapofunguka. Mtu akijengea presi silinda ya tipa, mwanzoni ana tani nyingi na mwishoni ana chache, geji ikiwa imesimama pale pale. Kwa sababu hiyo silinda ya tipa siipendekezi kwa presi hata ikiwa bei nafuu.

Sasa, kipenyo cha ndani unakipimaje silinda ikiwa imefungwa? Njia ya uhakika ni kufungua kichwa, kutoa pistoni na kupima kwa veniya pande mbili zinazokatana, kwa sababu silinda iliyochakaa inaweza kuwa imeliwa upande mmoja. Kama hutaki kuifungua, oili yenyewe itakupa jibu. Legeza skrubu ya rilifu mpaka presha iwe ndogo kabisa, toa shafti nje mpaka mwisho, rudisha, toa tena, ili hewa yote iishe. Zima mota, hakikisha geji imeshuka mpaka sifuri, fungua mpira wa upande wa juu wa pistoni na uelekeze tundu kwenye ndoo safi. Kisha washa na uirudishe shafti taratibu kwa sentimita 40 kamili, ukiwa umeiwekea alama mbili za chaki. Pima oili iliyoingia kwenye ndoo kwa jagi lenye mistari. Silinda ya milimita 125 itatoa lita 4.9. Ingekuwa ya milimita 140 ingetoa lita 6.2, kwa hiyo huwezi kuchanganya hizo mbili. Gawanya sentimita za ujazo 4,900 kwa 40 na eneo unalo mkononi, bila hata kujua kipenyo.

Tukija kwenye presha, kuna jambo ambalo lisipoeleweka vizuri kila kitu kinachofuata kinaharibika. Pampu haitengenezi presha. Inasukuma oili tu, lita 10 kila dakika, na presha inazaliwa pale oili inapokutana na kizuizi. Shafti ikishuka hewani bila kugusa kitu, geji inaonyesha bar chache tu za msuguano. Ikigusa bushi, geji inapanda mpaka bushi ianze kusogea, na pale inaposogea geji inasimama kwenye namba ile ile ambayo bushi inadai. Bushi ikigoma kabisa, pampu ya gia haina akili ya kuacha. Itasukuma mpaka mota ikwame, au mpira upasuke, au fremu ifunguke, au vali ya rilifu ifunguke na kuirudisha oili kwenye tangi. Rilifu imewekwa ili iwe ya kwanza kati ya hivyo vyote. Ndani yake kuna koni ndogo inayokaa kwenye kiti chake, ikikandamizwa na springi, na skrubu ya nje inaikaza au kuilegeza springi hiyo.

Kwa presi yetu kuna namba nzuri ya kukaa nayo kichwani: 122.7 gawanya kwa 981 ni 0.125. Kila bar 8 ni tani moja, na kila bar 10 ni tani moja na robo. Kwa hiyo geji ni mizani. Bushi ikianza kutoka kwenye bar 90, imedai tani 11 na robo. Ukitaka hizo tani 50 za kwenye rangi, unahitaji bar 400.

Na hapa ndipo swali la kweli linapoanza, kwa sababu rilifu haifungwi kwa kutazama tani unazozitaka. Inafungwa kwa kutazama kiungo dhaifu kuliko vyote kwenye presi. Pampu nyingi za gia zimetengenezwa kwa kazi ya mfululizo ya bar 200 hadi 250. Mpira wa nusu inchi wenye nyavu mbili za waya, ulioandikwa 2SN ubavuni, una presha ya kazi ya bar 275. Silinda ya ekskaveta huwa ina uwezo zaidi ya hapo. Basi mtu anaweza kusema tufunge 250, tupate tani 31. Lakini bado hatujatazama fremu, na kwenye fremu nyingi za kuchomewa mtaani kinachotangulia kulalamika ni pini zinazobeba meza.

Tuseme meza inakaa juu ya pini mbili za chuma laini, kila moja milimita 30, moja kwa kila nguzo. Kila pini inabeba sehemu mbili, mbele na nyuma, kwa hiyo mzigo unagawanyika kwenye sehemu nne ambazo zingeweza kukatika. Pini ya milimita 30 ina eneo la sentimita za mraba 7.07. Chuma laini huanza kusalimu amri kwa kukatwa kwenye tani 1.4 hivi kwa sentimita ya mraba. Zidisha 1.4 kwa 7.07 kwa 4: tani 39.6 ndizo zinazoanza kuharibu pini. Ukiacha akiba ya mara moja na nusu, unabaki na tani 26.4. Ndiyo kusema rilifu ya bar 210 inaipa presi hii tani zote ambazo pini zake zinastahili, na si zaidi. Kwa tani 50 za kwenye rangi kila sehemu ingebeba tani 1.8 kwa sentimita ya mraba, na pini ingekwenda.

Hesabu hiyo pia inadhani mzigo uko katikati ya meza. Ukiusogeza nusu ya njia kuelekea nguzo ya kulia, pini ya kulia inabeba robo tatu ya mzigo wote. Tani 26.3 zinakuwa karibu 20 kwenye pini moja, na kila sehemu yake inafika tani 1.4, pale pale pa kusalimu amri. Akiba yote imeliwa na kuweka kazi pembeni. Pini zikianza kupinda, au zikawa ngumu kutoka kwenye matundu yake, au matundu yakawa na umbo la yai, tayari zimebeba kupita kiasi, na kabla ya kuchonga nyingine punguza presha kwanza.

Kufunga rilifu kwenye namba hiyo kunataka utulivu. Weka geji yenye upeo wa bar 400 kwenye njia ya presha, kati ya pampu na vali ya kuendeshea, ili bar 210 iangukie karibu na katikati ambako geji inasomeka vizuri. Fanyisha kazi presi bila mzigo mpaka oili ipate joto la kawaida, nyuzi 40 hadi 50, kwa sababu oili ya asubuhi ni nzito na itakupa namba ya uongo. Legeza nati ya kufungia, rudisha skrubu kinyume cha saa mpaka usikie springi haina nguvu. Kisha rudisha shafti juu mpaka mwisho wake na ushikilie wenzo hapo hapo. Kwa kufanya hivyo pistoni inaegemea kitako cha silinda yenyewe na fremu haibebi chochote. Ukikosea ukapita, hujavunja meza. Oili yote ya pampu sasa inapita kwenye rilifu. Kaza skrubu robo mzunguko, tazama geji, kaza tena. Ukifika 210, funga nati ukiwa umeshikilia skrubu kwa spana nyingine, kisha soma tena, maana nati yenyewe mara nyingi inavuta namba juu kidogo.

Usikae hapo muda mrefu. Lita 10 kwa dakika zikipita kwenye bar 210 ni kilowati 3.5, na zote zinageuka joto ndani ya oili. Tangi la lita 20 linapanda kama nyuzi 6 kila dakika. Ndani ya dakika tano umepandisha nyuzi 30, oili imekuwa nyepesi, na namba unayoisoma si ile ya kazini. Shikilia sekunde kadhaa, achia wenzo, acha oili itulie, rudia. Hiyo hiyo ndiyo sababu fundi asizoee kuiacha presi ikilia kwenye rilifu huku akisubiri kingipini imwonee huruma.

Fanya kazi hii pampu ikiwa kwenye mwendo wake wa kawaida. Rilifu ya kawaida yenye koni na springi haifunguki ghafla kama mlango. Inaanza kuvuja kidogo mapema, na inahitaji presha zaidi ili ipitishe lita zote 10. Ukiifunga mota ikiwa inazunguka polepole kwa sababu ya umeme mdogo, umeme ukikaa sawa presha itakuwa juu kuliko ulivyodhani. Ndiyo maana pia tani chache za mwisho zinakuja kwa uvivu: sehemu ya oili imeshaanza kurudi kwenye tangi. Mota nayo lazima itoshe. Kilowati 3.5 za kwenye oili zinahitaji mota ya kama kilowati 4, farasi 5.5. Ukiweka ya farasi 3 itaanza kuzidiwa karibu na bar 110, na ukiendelea kupandisha itakwama au kuangusha swichi.

Kosa ninaloliogopa kuliko yote linatokea pale presha inapogoma kupanda. Geji imesimama bar 120, na mtu anaifuata skrubu ya rilifu. Anakaza mzunguko mmoja, geji haisogei. Anakaza wa pili, wa tatu, mpaka mizunguko ya springi imegusana na haiwezi tena kujikunja. Yawezekana kilichokuwa kinapitisha oili ni punje ya mchanga iliyokwama chini ya koni. Kazi inaendelea, oili inaisukuma punje, koni inakaa kwenye kiti chake, na sasa hakuna kitu chochote kinachoweza kufungua. Presi iliyokuwa na tani 15 inapata zote ambazo mota inaweza kuzitoa, kwa ghafla, kichwa cha mtu kikiwa kimeinama juu ya kazi.

Kwa hiyo kanuni ni kwamba skrubu ikizungushwa na geji isiitikie, irudishwe pale ilipokuwa na ugonjwa utafutwe kwingine. Rilifu nzima inaitikia kila robo mzunguko kwa kiasi kinacholingana. Gusa bomba lake la kurudi kwenye tangi: likiwa la moto na linavuma wakati geji iko chini sana ya namba uliyoifunga, rilifu ndiyo inayopitisha. Ifungue, isafishe kwa dizeli, tazama koni. Alama ya kukalia kiti iwe duara moja jembamba lililokamilika. Ikikatika sehemu au ikiwa na mkwaruzo, badilisha koni na kiti pamoja. Bomba likiwa la baridi, tazama pampu: pampu iliyochoka hupandisha vizuri oili ikiwa baridi na kushuka kadiri oili inavyopata moto.

Ikiwa vyote viwili ni vizima, angalia sili ya pistoni. Toa shafti nje mpaka mwisho, zima, hakikisha geji iko sifuri, fungua mpira wa upande wa shafti na uache tundu lake wazi juu ya ndoo. Washa, shikilia wenzo wa kusukuma. Kikitoka kitu zaidi ya matone, sili inapitisha. Tundu hilo liachwe wazi kweli kweli, lisizibwe kwa plagi hata kwa muda. Upande wa shafti una eneo dogo, kwa hiyo oili iliyofungiwa pale inapandishwa presha kwa uwiano wa 122.7 kwa 84.2: bar 210 za juu zinakuwa bar 306 za chini, na rilifu haizioni kwa sababu iko upande mwingine wa pistoni.

Geji nayo ina mipaka yake. Geji ya daraja 2.5 yenye upeo wa bar 400 inaruhusiwa kukosea bar 10 juu au chini, yaani tani moja na robo kwenye presi hii. Kwa hiyo kuandika tani 26.3 kwenye boriti ni kujidanganya kwa nukta ile. Futa TANI 50, andika TANI 25, na chini yake mambo matatu ambayo fundi anayefuata atayahitaji: kipenyo cha ndani mm 125, rilifu bar 210, bar 8 ni tani 1. Weka mstari mwekundu kwenye kioo cha geji pale 210, na ufunge waya wenye risasi kwenye nati ya rilifu, ili mtu akiigusa ijulikane. Ukibadilisha pampu, springi ya rilifu au vali ya kuendeshea, fungua waya upime upya. Vali nyingi za wenzo zina rilifu yake ya ndani, na zikiwa mbili kwenye njia moja, iliyofungwa chini zaidi ndiyo inayoamua tani.